Baba anadhani bumu ni mshahara

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 20, mtoto wa kwanza kati ya watano, kwetu ni Makete. Mwezi wa kumi nilipanda basi alfajiri kuja Dar kuanza mwaka wa kwanza chuo kikuu. Baba aliuza ekari moja ya mipaini, miti ya miaka minane tu, ili nipate nauli na pesa ya kuanzia. Mama alinifungia blanketi lake zito. Niliposhuka stendi ya Mbezi usiku na sweta mwilini, nilidhani kuna kitu kinaungua karibu, kumbe ndiyo hewa ya huku.

Hosteli nilikosa kwa sababu siku za kuomba sikuwa na pesa ya kulipia. Ninabebwa na kijana wa Njombe. Tunalala wawili kitanda kimoja, akija mgeni wake mimi nalala chini juu ya lile blanketi. Bumu lilichelewa, nikaishi kwa kukopa. Lilipoingia tarehe 14 Novemba, laki sita kamili, nilimpigia baba kwa furaha. Kesho yake akaniambia mbolea imefika dukani. Nikatuma laki mbili. Wiki iliyofuata nikatuma elfu 80 ya deni la duka. Nikalipa na deni langu elfu 60. Leo ni tarehe 20 Desemba, nina elfu 64. Nimeweka na mikeka kidogo, kama elfu 25 hivi, nikidhani nitazirudisha zile nilizotuma.

Testi ya hisabati nimepata 7 kwa 20. Tangu darasa la tatu sijawahi kushika namba mbili. Jana baba amepiga: mdogo wangu wa kike amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, anatakiwa godoro, sare na vitu vingine. "Ukisaini tu Januari tutumie laki mbili." Nikasema sawa baba. Krismasi siendi nyumbani, nimewaambia nina masomo. Wakiniuliza chakula nasema nakula vizuri.

Nafikiria kuahirisha mwaka nikasaidie kupasua mbao. Au nimwambie baba ukweli? Nitaanzia wapi? Na kuna jamaa anataka kulinunua blanketi la mama kwa elfu 15.

Mtoto wa Baridi, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Ya baba tutayafikia. Kwanza tumbo, maana mwenye njaa hapangi maneno ya kumwambia mzazi wake, anaropoka.

Wewe bila shaka unahesabu siku 24 mpaka bumu lijalo. Mimi nakuhesabia 35. Bumu ni la siku 60, na siku hizo zikiisha haimaanishi kwamba siku ya 61 simu inalia. Chuo kiwe kimethibitisha kwamba upo, Bodi ya Mikopo iwe imetuma, nanyi muwe mmepanga foleni kusaini kwa kidole. Hatua moja ikikwama, wote mnakwama. Wewe mwenyewe ulishaliona hilo Novemba, ndiyo maana ulikuwa na deni la elfu 60 hata kabla ya kuanza kutumia.

Elfu 64 kwa siku 35 ni kama elfu moja na mia nane kwa siku. Peke yako hapa Dar pesa hiyo ni chai, chapati mbili na sahani moja ya wali maharage, basi, na siku ukitoa kopi hakuna chapati. Ila mkiwa watatu mambo yanabadilika. Watafute wenzako waliopanga geto Changanyikeni au Msewe, wanaopika. Kila mmoja akitoa elfu 10 kwa wiki, mnapata unga, maharage, dagaa, mafuta, vitunguu na mkaa, na mlo mmoja mkubwa wa jioni ambao mtu anashiba kweli. Wiki tano ni elfu 50. Zile 14 zinazobaki ni za chai ya asubuhi na kopi. Ni maisha ya kubana, sikudanganyi, lakini si ya kulala njaa. Kuosha sufuria utaosha wewe, maana mgeni ndiye huosha.

Na hili la Krismasi ulilolitaja kama msiba ndilo litakalokupa kitanda. Wenye mageto wengi wanasafiri, na hakuna anayelala usingizi huko Moshi au Bukoba akiwaza televisheni yake aliyoifungia kwa kufuli la elfu tatu. Waambie leo, kabla hawajaondoka, kwamba wewe unabaki mjini na unaweza kulala kwao ukawalindia. Utapata wiki mbili za kulala peke yako, na jiko. Kijana wa Njombe naye apumue. Maana wewe unaona unabebwa na yeye anaona anakubeba, lakini wakaguzi wakigonga mlango usiku, mwenye chumba ndiye anayeulizwa, na adhabu inaanzia kwake.

Sasa sentensi moja uliyoipitisha haraka. "Nimeweka na mikeka kidogo." Mwanangu, mbolea umeiandikia tarehe na kiasi, deni la duka umeliandikia kiasi, mkeka ukauandikia "kama hivi". Nimesoma barua nyingi, na lile linaloandikwa "kama hivi" ndilo linalomnyima mtu usingizi. Elfu 25 ni nusu ya chakula chako chote cha hizo wiki tano. Sitakuhubiria, maana naona ulikoingilia: hukuwa unatafuta starehe, ulikuwa unataka kulirudisha lile pengo la nyumbani bila mtu kujua limetokea. Pengo la namna hiyo ndilo humpeleka mtu kwenye mkeka, na mkeka ukigoma humpeleka kwenye mikopo ya simu, na baada ya hapo kwa wale wanaoitwa kausha damu, wanaompigia mama yako simu usiku kumwambia mwanawe ni mwizi. Bado uko hatua ya kwanza. Ifute ile programu kwenye simu leo.

Haya, baba.

Nikusimulie kidogo. Mimi nilitoka Mbinga mwaka 1997, binti wa mkulima wa kahawa, nikaingia chuo cha mjini. Wakati huo hapakuwa na simu kijijini kwetu, tuliandikiana barua. Barua yangu ya kwanza niliandika, "Baba, wiki ijayo tunasaini." Sikufafanua. Kwangu mimi, kama kwenu, kusaini kulikuwa kupanga foleni, kuweka jina kwenye karatasi na kuondoka na bumu la kula miezi miwili. Kwa baba yangu neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Watu waliosaini pale kijijini walikuwa watatu: mwalimu mkuu, mganga wa zahanati na karani wa chama cha ushirika. Walisaini kila mwezi, na wakisaini wanalipwa mshahara. Kwa hiyo alipoipata barua ile alitembea nayo mpaka kilabuni akawaambia wenzake, binti yangu anasaini Dar.

Mwezi huohuo aliniomba bati 20. Nikatuma pesa ya bati. Nilikonda mpaka sketi nikaifunga kwa pini, na siku moja nikaanguka kwenye foleni ya kantini, sahani mkononi. Likizo nilipofika nyumbani nilizikuta zile bati zimeegemezwa ukutani, hazijapigiliwa hata moja, kwa sababu mbao hazikuwepo. Baba aliniangalia mikono, akauliza ninaumwa nini. Ndipo nikamwambia pesa ile ilikuwa ya chakula. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Kwa nini hukuniambia ni ya kula? Si ningekuletea mahindi?"

Ndiyo maana nasema baba yako hakuibii, wala si mroho. Amesikia kijana wake amepata laki sita kwa mkupuo, na kwa mtu anayeuza viazi kwa gunia hiyo ni pesa nene. Hajui kwamba ni elfu 10 mara siku 60, kulala na kula. Hajui kwamba ni mkopo. Utashangaa wazazi wangapi wanadhani "mkopo wa chuo" ni jina tu, kama vile "ruzuku". Na yeye ana hesabu yake kichwani ambayo hajakusomea: ametoa mipaini ya miaka minane, miti ambayo angeivumilia mingine minane ingekuwa mbao na kumpa pesa mara nyingi zaidi. Amekata akiba yake ya uzeeni ikiwa mbichi. Wewe ukimtumia laki mbili, kwake ni tawi la kwanza la ule mti limerudi. Mnasoma madaftari mawili tofauti, na kila mmoja anadhani mwenzake anasoma lake.

Kwa hiyo usimwambie "sina". Hilo ndilo kosa la vijana wengi. Mzazi anayejua ulipata laki sita ukimwambia huna, anasikia moja kati ya mawili: umeshaanza starehe za mjini, au umemdharau. Atakasirika, wewe utaona aibu, na mwisho utatuma. Mpe hesabu yenyewe. Mtu mzima ukimpa hesabu umempa kiti cha kukalia. Sasa anashauri, haombi tena.

Piga, usiandike ujumbe. Ujumbe utasomwa kwa sauti na mtoto mbele ya wageni. Piga jioni baada ya chakula, mama akiwa karibu, na usipige siku ya mnada au siku aliyotoka msibani. Salimia mpaka salamu ziishe. Halafu useme kitu kama hiki, kwa maneno ya kwenu, na kama Kikinga kinakaa vizuri mdomoni kuliko Kiswahili, sema Kikinga:

"Baba, nimekaa nikaona kuna jambo sikukueleza vizuri tangu mwanzo, kosa ni langu. Ile laki sita si mshahara. Ni mkopo wa serikali, wanahesabu elfu 10 kwa siku ya kula na kulala, kwa siku 60. Nikishaajiriwa watanikata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka iishe. Hizo laki mbili na elfu 80 nilizotuma zilikuwa za chakula cha siku 28. Sasa nimebaki na elfu 64, na kitanda sina, nalala kwa mtu. Sikukwambia kwa sababu niliona aibu, ukizingatia miti uliyouza. Naomba ushauri wako."

Halafu unyamaze. Hapo ndipo pagumu, maana kutakuwa na ukimya na mkono utakuwasha kuujaza kwa ahadi. Usiahidi kitu. Acha aseme yeye. Huenda atakuwa mkali dakika mbili, kwa nini hukusema, nani kakufundisha kuficha. Ni haki yake, itikia. Ukali wa namna hiyo mara nyingi ni hofu imevaa koti. Mikeka usimwambie kwenye simu hiyo; hiyo ni siri ya kumwambia ana kwa ana ukirudi, mkiwa shambani wawili.

Kama unaijua tabia yake na unaona kabisa hatasikia, mtangulize mtu. Kila ukoo una mmoja ambaye baba anamsikiliza: baba mkubwa, shangazi yake, mwalimu aliyekufundisha. Mweleze huyo hesabu hiyohiyo, aende akaketi naye. Lakini simu yako mwenyewe ifuate. Ukimwachia mjumbe kila kitu, baba atasema mwanawe amekua, anatuma watu.

Sasa mdogo wako. Ada halipi, shule za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, lakini godoro, sare, sanduku na madaftari ni juu ya mzazi, na binti hawezi kulala juu ya chaga. Jambo hili ni la kweli, si kama mbolea ya duka. Ila laki mbili huna na hutakuwa nazo. Maoni yangu: bumu la Januari likiingia, toa elfu 50, mara moja, na usitume pesa. Nenda Kariakoo siku ya kazi asubuhi, ununue madaftari kwa dazeni, kalamu, seti ya jometri, soksi na shati jeupe, ufunge vizuri na uandike jina lake, upeleke Mbezi kwenye basi la Njombe. Pesa ikifika nyumbani inakutana na shida nyingine mlangoni. Daftari likifika linabaki daftari. Na mzigo ule ukishushwa, baba ataubeba mwenyewe mpaka nyumbani, kila anayekutana naye ataambiwa umetoka kwa kijana wake wa chuo. Usidharau hilo. Bati zangu zilikuwa na kazi hiyohiyo, tatizo lake lilikuwa bei tu. Shule ikifunguliwa kabla bumu halijaingia, mzigo utamfuata shuleni. Mwambie baba mapema, ili godoro alitafute yeye sasa, bila kukusubiri.

Zinazobaki, laki tano na nusu, zigawe siku ileile kabla hujapita popote. Kwanza kitanda. Nenda ofisi ya hosteli Januari, wakati watu wanarudi, ukaulize nafasi zilizoachwa wazi. Daima kuna waliopangiwa hawakufika, au waliohamia geto. Nenda na pesa mkononi na uende mwenyewe, zaidi ya mara moja. Nafasi hizo humpata yule ambaye sura yake imeshazoeleka dirishani. Ukikosa, ingia geto kwa kuchangia na hao unaopika nao, lakini uliza kwanza kodi imelipwa mpaka lini, maana wenye nyumba wengi hapa wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, na usije ukaingia wakati imebaki ya mwezi mmoja. Kisha laki moja iweke mbali na simu yako, usiishike mpaka siku ya 61. Hiyo ndiyo itakuvusha bumu likichelewa, nawe hutakopa tena. Nyingine zote ni za kula, na uzihesabie siku 60 kamili.

Hisabati. Umeandika 7 kwa 20 kama mtu anayeandika tarehe ya kifo. Tupige hesabu. Kwa mfumo wenu, kama ilivyo kawaida, kazi za muhula zina alama 40 na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ina 60. Una 7. Testi ya pili ni ya 20 pia. Ukipata 10 tu, unakuwa na 17. Kufaulu ni 40, kwa hiyo kwenye UE unatafuta 23 kati ya 60. Ukitaka B, ambayo ni 50, unatafuta 33. Kijana aliyekuwa wa kwanza tangu la tatu hashindwi 33 kwa 60 akiwa ameshiba na amelala. Hata ikigoma kabisa, ipo sapu, unarudia mtihani. Somo moja si disko, hufukuzwi chuo kwa hilo.

Ila niulize: hiyo testi uliifanya umelala wapi usiku wake? Nina wasiwasi ilikuwa moja ya zile siku za blanketi. Na pia kuna jambo la kutoka shule moja ya kata kuingia ukumbi wa watu mia tatu, ambao wote walikuwa wa kwanza kwao. Kuna wanaoamini wamepoteza akili njiani, kati ya Makambako na Mikumi. Hazijapotea. Sekondari mwalimu alirudia mpaka ukaelewa. Huku mhadhiri anasema mara moja, tena haraka, na marudio ni kazi yako na kikundi chako. Tafuta watu watatu wa kukaa nao maktaba, usichague wanaokutisha wala wanaokucheka, na mpitie maswali ya miaka iliyopita. Yanapatikana kwenye maduka ya kopi, uliza tu.

Kuahirisha mwaka, hapana. Kuahirisha ni kwa mgonjwa, aliyejifungua au aliyefikwa na jambo zito lenye karatasi. Unaandika barua, chuo kinakubali au kinakataa. Na ukishaahirisha, posho inasimama, kwa sababu Bodi humpa aliyeko darasani. Utakuwa Makete unapasua mbao za watu kwa kibarua, ekari ya baba imeshakwenda, na mwakani hujui utarudi vipi. Ila usibaki kimya na chuo. Kila chuo kina ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na kazi yao mojawapo ni kijana kama wewe, asiye na kitanda. Wengi huenda pale wakiwa wameshapata disko. Nenda sasa, ukiwa na testi moja mbaya tu. Serikali ya wanafunzi nayo huwa na waziri wa mikopo. Mjue kwa jina, ili bumu lako likikwama peke yako wakati wenzako wamepata, ujue pa kuanzia. Mara nyingi ukikuta hivyo ni jina limepishana kati ya akaunti ya benki na cheti cha kidato cha nne, herufi moja tu, na mtu anazunguka mwezi mzima akidhani amefutwa.

Simu ya baba, piga kesho. Ni Jumamosi au Jumanne sijui, lakini isivuke Krismasi. Ukiivusha, sikukuu nzima watakuwa wanakupangia laki mbili ambazo hazipo, na mwezi wa kwanza utakuwa na deni la neno juu ya deni la pesa.

Blanketi usiuze. Elfu 15 ni wiki moja na nusu ya ugali, na huyo jamaa anajua anachonunua. Mwezi wa saba utapanda basi asubuhi Mbezi na fulana, kiume, na ukifika Makambako jioni utaanza kulitafuta kwenye begi.